Tumeuza au hatujauza? Karakana imekua, vitabu vinanipa majibu mawili tofauti

FundiMbao

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo, nitaeleza kwa kirefu kidogo ili mnielewe.

Nina karakana ya fanicha za ofisi. Miaka yote nilikuwa nauza kwa mtindo wa mteja anakuja, analipa, anabeba. Daftari langu lilikuwa na kurasa mbili tu: pesa iliyoingia na pesa iliyotoka. Mwisho wa mwezi natoa moja kwa nyingine, nikibaki na kitu ndiyo faida. Sikuwahi kuona kasoro.

Sasa biashara imepanuka na wateja wamebadilika. Wapo wanaotoa kianzio nusu kabla sijagusa ubao, na wapo wanaochukua mali kauli wakalipa baada ya siku 60. Hapo ndipo daftari limeanza kunichanganya. Nawapa miezi mitatu iliyopita kama ilivyo, kwa milioni.

Mwezi wa kwanza nilianza na 10 kwenye akaunti. Ziliingia 13: kati ya hizo 3 ni za wateja wadogo wa kila siku, na 10 ni kianzio cha oda ya meza za mkutano yenye thamani ya 20. Zilitoka 6, yaani 1 ya mbao ndogondogo na 5 za mishahara na pango. Daftari likasema faida 7. Nilifurahi, nikatoa 5 nikamalizia mambo ya nyumbani.

Mwezi wa pili ziliingia 3 tu za wateja wadogo. Zikatoka 6 za kawaida, na juu yake 9 za mbao za zile meza. Mwezi huohuo nilikamilisha oda nyingine ya viti 120 kwa laki 2 kila kimoja, jumla 24, mteja akachukua kwa kulipa baada ya siku 60. Vifaa vya viti, 13, nilikopeshwa na muuzaji wangu. Meza nazo nilizikabidhi mwezi huo. Daftari likasema hasara 12, na akaunti ikabaki sifuri. Ni mwezi ambao vijana walifanya kazi usiku na mchana, ndiyo maana sikuelewa.

Mwezi wa tatu ziliingia 3 za kawaida na 10 za kumalizia meza. Zikatoka 6 za kawaida na 13 za kumlipa muuzaji wa vifaa. Hasara 6, nikakopa kwa shemeji ili mishahara itoke.

Jumla ya miezi mitatu: hasara 11. Mtoto wa dada yangu anayesomea uhasibu amepiga hesabu hizihizi kwa mfumo mwingine anaouita akruali, akaniambia nina faida 13. Nani anasema kweli? Na kuanzia sasa niandike mauzo siku gani: siku pesa inapoingia au siku nyingine?

Mzee_wa_Daftari

Kijana wangu, pole. Mimi nimefanya biashara muda mrefu na nakwambia wazi, pesa isiyo mkononi si yako. Hiyo faida 13 huwezi kwenda nayo sokoni. Wewe mwenyewe umekopa kwa shemeji, sasa faida gani hiyo inayokopa? Endelea na daftari lako la pesa. Tena ukianza kuandika mauzo ambayo hujalipwa, watu wa kodi watakudai kodi ya pesa ambayo hujaiona.

Kijana_Mpole

Samahani wakuu, kwa hiyo kwenye huu mfumo wa taslimu mteja akilipa kwa simu au kwa benki haihesabiki? Maana mimi wateja wangu karibu wote wanatuma kwa simu, noti mkononi sizioni kabisa.

Kalamu_Nyekundu

Kijana_Mpole, taslimu hapa haina maana ya noti. Pesa iliyoingia kwenye simu au benki nayo ni taslimu, mradi imekufikia. Swali la kaka FundiMbao ni la wakati: tunahesabu mauzo pale pesa inapofika, ambayo ndiyo taslimu, au pale tunapotimiza tulichomwahidi mteja, ambayo ndiyo akruali.

Kaka, nimekuwa mkaguzi wa hesabu kwa miaka mingi na mfano wako nimeusoma mara mbili. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja inajibu swali lake. Hasara 11 inajibu: akaunti imepungua kwa kiasi gani kwa ajili ya biashara? Faida 13 inajibu: kazi niliyoifanya imezalisha nini? Tofauti yake ni 24, ambayo ni ile pesa ya viti 120 isiyolipwa. Ndiyo pengo zima, hakuna kilichopotea.

Lakini mimi sianzii kwenye jumla. Naanzia mwezi wa kwanza, kwa sababu ndiko ulikoumia. Daftari lilikwambia una faida 7. Tuulize: mwezi ule ulimkabidhi nani nini? Wateja wadogo tu, wa 3. Ukaingia gharama 6. Kwa hiyo kazi ya mwezi ule ilizaa hasara ya 3. Zile 10 za kianzio hazikuwa mauzo, zilikuwa deni. Ulikuwa unadaiwa meza. Kama karakana ingeungua kesho yake, yule mteja angekuja kudai 10 zake na angekuwa na haki.

Ulipotoa 5 za nyumbani ulizitoa kwenye pesa ya mbao za mtu. Fuatisha salio: ulianza na 10, ukaongeza 7, ukatoa 5, zikabaki 12. Mwezi wa pili zote 12 zikaondoka. Mwezi wa tatu ukapungukiwa 6. Usingetoa zile 5, ungepungukiwa 1 tu.

FundiMbao

Dada hapo umenigusa. Sikuwahi kufikiri kianzio ni deni. Kila mara nikikipokea nahisi kama nimeshauza.

Jedwali_Kazi

Mbona jambo ni rahisi. Mauzo yanaingia siku unapotoa invoisi. Mimi natumia programu ya hesabu kwenye kompyuta, nikibonyeza kutoa invoisi tu, mauzo yamejiandika yenyewe na mteja ameingia kwenye orodha ya wadaiwa. Ndiyo akruali hiyo. Atoe invoisi mapema, basi.

Kalamu_Nyekundu

Jedwali_Kazi, nusu ya njia uko sawa. Programu nyingi zimetengenezwa hivyo kwa sababu biashara nyingi hutoa invoisi siku ileile ya kukabidhi mzigo. Lakini invoisi ni karatasi ya kudai, haithibitishi kwamba umekabidhi. Kiwango cha kimataifa cha mapato, IFRS 15, kinachotumika tangu Januari 2018, kinauliza kitu kimoja: mteja ameshika udhibiti wa bidhaa lini? Lini anaweza kuitumia, kuiuza, na hasara ikitokea ni yake?

Mfano wa kaka unaonyesha. Tuseme angetoa invoisi ya 20 mwezi wa kwanza alipopokea kianzio. Programu ingeandika mauzo 20 wakati mbao bado hata hazijanunuliwa. Mwezi wa kwanza ungeonyesha faida 17, mwezi wa pili ungebeba gharama za meza bila mauzo yake. Hiyo ni mbaya kuliko daftari la taslimu, maana daftari angalau lilionyesha pesa ya kweli.

Nimeliona sana kwenye ukaguzi, hasa mwisho wa mwaka. Mwenye biashara anataka mwaka upendeze, anatoa invoisi tarehe 30 kwa mizigo itakayotoka wiki mbili baadaye. Kumgundua si kazi. Nachukua invoisi za siku za mwisho wa mwaka na za mwanzo wa mwaka mpya, naweka kando ya kila moja delivari yake, ile hati ya kukabidhi mzigo yenye saini ya mpokeaji, nasoma tarehe. Zisipolingana, mazungumzo yanaanza.

Mama_Stoo

Naomba niongezee hapo kwenye delivari, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Delivari iwe na namba zinazofuatana, na ziwe nakala tatu: moja abaki nayo mteja, moja ibaki stoo, moja iende kwa mhasibu. Mpokeaji aandike jina lake na tarehe kwa mkono wake mwenyewe, asiandikiwe na dereva. Sisi hapa tuliwahi kuwa na dereva aliyekuwa anajaza tarehe zote mwisho wa wiki kwa mkupuo, ikawa mzigo wa tarehe 29 unasomeka tarehe 2. Mhasibu alihangaika kutafuta kwa nini stoo inasema mali imetoka na mauzo hayapo.

Na ukiona kwenye stoo namba ya delivari imeruka, mfano 0114 halafu 0116, usipite. Aidha mzigo umetoka bila kuandikwa, aidha karatasi imeharibika na haikuhifadhiwa. Ile iliyoharibika ichorwe msitari na ibaki kitabuni.

Mwl_Lugha

Mimi sina bidhaa, naendesha darasa la lugha. Wanafunzi wananilipa miezi 6 kwa mkupuo. Nina mtu kanilipa laki 6 mwanzoni mwa mwezi. Kwa maelezo ya dada Kalamu, mauzo yangu ni lini? Delivari sina, siwezi kumsainisha mwanafunzi kwamba amepokea Kiingereza.

Kalamu_Nyekundu

Mwalimu, wewe unakabidhi kidogokidogo kadiri unavyofundisha. Laki 6 ikiingia, yote iwe advansi, yaani pesa ya kazi ambayo bado hujaifanya. Kila mwezi wa masomo ukiisha, hamisha laki 1 kutoka advansi kwenda mauzo. Mwisho wa mwezi wa pili una mauzo ya laki 2 na bado unadaiwa masomo ya laki 4. Delivari yako ni ratiba ya vipindi na daftari la mahudhurio.

Mwl_Lugha

Na akiacha masomo mwezi wa tatu bila kudai chochote?

Kalamu_Nyekundu

Inategemea mlichokubaliana. Kama mkataba unasema ada hairudi na hana tena haki ya kudai vipindi, iliyobaki inakuwa mapato. Kama anaweza kurudi mwakani akasema nilibakiza miezi mitatu, bado ni deni lako. Bila maandishi kila mmoja atakumbuka anavyotaka, na mimi kama mkaguzi siwezi kukusaidia kuchagua.

Mzee_wa_Daftari

Dada, nakubali maneno yako mazuri. Lakini huyu kijana ana karakana, hana ofisi ya wahasibu. Utamwambia aandike debiti na krediti kila siku? Ataacha ndani ya wiki mbili na daftari la pesa pia litalala.

Kalamu_Nyekundu

Mzee wangu, hapo una hoja na nimeona wengi walioanza kwa makeke wakaishia bila kitabu chochote. Sitaki aache daftari la pesa. Aendelee kuandika pesa kila siku vilevile. Ninachotaka aongeze ni orodha mbili, na azifunge siku ya mwisho ya mwezi.

Ya kwanza ni wadaiwa: nani amepokea mzigo hajalipa, kiasi gani, tangu tarehe gani. Ya pili ni advansi: nani ametoa pesa hajapokea mzigo, kiasi gani. Akishakuwa nazo, anageuza daftari la pesa kuwa mauzo kwa msitari mmoja:

```
mauzo = pesa iliyopokelewa kwa wateja
        + wadaiwa mwisho - wadaiwa mwanzo
        - advansi mwisho + advansi mwanzo
```

Tujaribu kwa mwezi wa pili, ule uliomchanganya. Pesa ya wateja ilikuwa 3. Wadaiwa mwanzo wa mwezi sifuri. Mwisho wa mwezi kuna 10 za meza na 24 za viti, jumla 34. Advansi mwanzo ilikuwa 10, mwisho sifuri kwa sababu meza zimekabidhiwa. Kwa hiyo 3 jumlisha 34, jumlisha 10, ni 47. Hakiki kwa kuangalia kazi yenyewe: wateja wadogo 3, meza 20, viti 24. Ni 47.

Vifaa navyo hivyohivyo. Alilipa 10 taslimu, na mwisho wa mwezi anadaiwa 13 na muuzaji, ambazo mwanzoni hazikuwepo. Gharama ni 23. Ongeza mishahara na pango 5. Mauzo 47 toa 28, faida 19. Ndiyo mwezi ambao vijana hawakulala, na sasa kitabu kinasema hivyo.

Hapa nimechukulia mbao zote zilitumika. Kama kuna mbao zimebaki stoo siku ya kufunga mwezi, lazima zihesabiwe na zitolewe kwenye gharama, zisubiri kazi zitakazofanyiwa.

FundiMbao

Nimekaa na karatasi nimefanya mwezi wa kwanza na wa tatu mwenyewe.

Wa kwanza: pesa 13, wadaiwa hakuna, advansi mwisho 10. 13 toa 10 ni 3. Gharama 6. Hasara 3.

Wa tatu: pesa 13, wadaiwa mwisho 24, mwanzo 34. 13 jumlisha 24 toa 34 ni 3. Vifaa nililipa 14 lakini 13 ni za mwezi wa pili, kwa hiyo 1. Mishahara na pango 5. Hasara 3.

Hasara 3, faida 19, hasara 3. Jumla 13. Yule kijana hakukosea.

Ila kuna kitu sasa kinanitisha. Ina maana bila oda kubwa, kila mwezi wateja wadogo wananiletea hasara ya 3. Nilikuwa silioni hili kwa sababu kila mwezi kuna kianzio cha mtu kinaingia.

Afisa_Mikopo

FundiMbao, hilo ulilolisema mwishoni ndilo ambalo daftari la taslimu lilikuwa linakuficha muda wote. Kianzio cha mteja mpya kinalipa mishahara ya kazi ya mteja wa zamani. Oda zikiendelea kumiminika mtu haoni kitu. Zikisimama mwezi mmoja, anagundua ana meza za kukabidhi na hana mbao wala pesa.

Nimekaa dawati la mikopo miaka kadhaa. Mtu akiniletea daftari la pesa lenye hasara 11 sina cha kumtetea nacho. Akileta mauzo 53, faida 13, na orodha ya wadaiwa yenye umri wa kila deni, tunazungumza. Orodha hiyo naipanga kwa siku tangu alipopaswa kulipa: bado hajachelewa, amechelewa hadi siku 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, zaidi ya 90. Macho yangu yanakwenda kwenye safu ya mwisho kwanza.

Lakini namuunga mkono Mzee kwa jambo moja. Faida 13 hailipi mshahara. Biashara inayokua kwa mali kauli inakauka pesa huku vitabu vinaonyesha faida, kwa sababu kila oda kubwa inataka mbao leo na inalipa baada ya miezi miwili. Kwa hiyo usiweke akruali ukaacha kuangalia pesa. Kila Jumatatu andika wiki nane zijazo: nani atalipa lini, nani wa kumlipa lini, akaunti itabaki na nini. Ungelifanya hivyo mwanzoni mwa mwezi wa pili ungeona shimo la mwezi wa tatu likikusubiri, ungemwomba muuzaji wa vifaa muda zaidi mapema.

Mzee_wa_Daftari

Hapo sasa tunaelewana. Na kodi je? Bado hamjanijibu.

Kalamu_Nyekundu

Mzee, hofu yako ni ya kweli. Kwa akruali zile 24 ni mauzo ya mwezi wa pili hata kama hazijalipwa, na ikiwa mwaka wa hesabu ungeishia hapo, kodi ingeweza kudaiwa juu ya faida ambayo bado iko mikononi mwa mteja. Ndiyo maana nchi nyingi zinaruhusu wafanyabiashara wadogo, chini ya kiwango fulani cha mauzo, kukokotoa kodi zao kwa msingi wa taslimu. Kiwango na masharti ni ya kila nchi, kaka akaulize ofisi ya kodi ya kwake kabla hajabadilisha lolote kwenye ritani.

Ila asichanganye mambo mawili. Kitabu cha kumwongoza yeye na ritani ya kodi vinaweza kuwa na misingi tofauti pale sheria inaporuhusu, mradi aweke ukurasa unaoonyesha jinsi alivyotoka namba moja kwenda nyingine. Asichoruhusiwa ni kurukaruka, mwaka huu taslimu kwa sababu kodi inapungua, mwakani akruali kwa sababu anataka mkopo.

Mama_Stoo

Dada Kalamu, mwambie pia hatari ya siku ya kuhama. Sisi tulihama katikati ya mwaka na mwezi wa kwanza tu tuliandika mauzo mara mbili.

Kalamu_Nyekundu

Asante kwa kunikumbusha, hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi ya yote.

Kaka, zile 24 za viti tayari ni mauzo ya mwezi wa pili. Mwezi wa nne zikilipwa, mkono uliozoea daftari la zamani utaandika "mauzo 24". Usikubali. Pesa hiyo inapunguza wadaiwa tu. Msitari wa hesabu utakulinda ukiufuata: pesa ya mwezi wa nne tuseme ni 27, wadaiwa mwanzo 24, mwisho sifuri. 27 toa 24 ni 3. Mauzo ni 3.

Kosa la pili ni ndugu yake. Umeandika kianzio cha 10 kama mauzo, kisha siku ya kukabidhi unaandika invoisi nzima ya 20. Oda ya 20 imezaa mauzo ya 30. Dalili zake: kwenye orodha ya wadaiwa kuna mteja anayeonekana anadaiwa 20 huku yeye anakuonyesha risiti ya kianzio, au mteja aliyemaliza kulipa zamani bado jina lake halifutiki. Ukiona hivyo usimpigie simu kwa ukali, fungua kwanza kitabu chako.

Siku ya kuhama chagua mwisho wa mwezi. Hesabu stoo kwa macho, andika wadaiwa, advansi, na madeni ya wauzaji. Mpigie kila mdaiwa mkubwa mlinganishe namba. Hizo ndizo namba zako za mwanzo, na kila pesa itakayoingia baada ya hapo iulize kwanza: wewe ni ya deni la zamani, ya kianzio, au ya mzigo wa leo?

FundiMbao

Nimefanya ulivyoelekeza, nimempigia yule wa viti. Ameniambia hatalipa mpaka viti 6 virekebishwe, miguu inacheza. Kwa hiyo ameshikilia 24 zote kwa ajili ya viti 6! Sasa mauzo yangu ya mwezi wa pili bado ni 24?

Jedwali_Kazi

Futa invoisi yote uandike upya akilipa.

Kalamu_Nyekundu

Hapana, asifute. Viti 114 amevipokea, anavikalia, havina ubishi. Ubishi ni wa viti 6, yaani milioni 1 na laki 2. Kaka ana njia mbili. Akivirudisha na mkakubaliana asilipe, toa krediti noti ya 1.2, yaani hati ya kumpunguzia deni, mauzo yashuke kuwa 22.8 na deni lishuke hivyohivyo. Ukivirekebisha akavikubali, mauzo yanabaki 24 na unaongeza gharama ya marekebisho. Vyovyote vile mwandikie leo umwombe alipe 22.8 zisizo na ubishi.

Swali gumu ni kama mteja huyu ana viti vibaya au hana pesa. Kama ni la pili, hauko tena kwenye mauzo, uko kwenye deni linaloweza lisilipike, na itabidi utenge sehemu yake kama hasara hata kabla hajakataa rasmi. Siwezi kukuamulia kutoka hapa. Nenda ukavione hivyo viti.

Afisa_Mikopo

Uulize pia kama anawalipa wengine. Mteja anayemkasirikia fundi mmoja ana malalamiko. Mteja anayemkasirikia kila muuzaji ana tatizo la pesa.

FundiMbao

Nakwenda kesho asubuhi. Swali la mwisho kabla sijafunga mwezi huu. Nina oda ya viti 40 vimekamilika, mteja amelipa vyote, lakini ofisi yake inapakwa rangi akaniomba vikae kwangu wiki tatu. Hapo nimeuza au bado?

Jedwali_Kazi

Amelipa, vimekamilika, umeuza. Hili halina mjadala.

Kalamu_Nyekundu

Lina mjadala kidogo. Mzigo unaobaki kwa muuzaji unaweza kuwa mauzo, lakini IFRS 15 inataka mambo manne. Kuwe na sababu ya msingi ya kuuacha hapo, na ombi la mteja ni sababu nzuri. Utambulike wazi kuwa ni wake. Uwe tayari kutoka muda wowote akiutaka. Na wewe usiweze kuutumia au kumpa mtu mwingine. La kwanza na la tatu umeshanijibu. Hivyo viti vimewekwa wapi?

FundiMbao

Viko stoo pamoja na vingine vya aina hiyohiyo. Juzi mteja wa dukani alitaka viti 4, tulimpa kutoka kwenye rundo lilelile, tutatengeneza vingine.

Kalamu_Nyekundu

Basi bado ni advansi, kaka. Umewezaje kumpa mwingine kitu ulichokwisha kumuuzia huyu?

Mama_Stoo

Vitenge leo hiihii. Viti 40 ukutani peke yake, karatasi yenye jina la mteja na namba ya oda kwenye kila rundo, na kwenye daftari la stoo viandikwe "vya mteja", visihesabiwe kwenye mali yako. Halafu apite asaini kwamba ameviona. Tarehe ya saini hiyo ndiyo utakayompelekea dada Kalamu.

FundiMbao

Nimevihesabu sasa hivi. Viko 36.